NYUMBA MPYA, WAPANGAJI WASIOALIKWA
Mazungumzo na klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari, Tabora

 

Leo sitazungumzia dawa. Nataka tuzungumze juu ya matundu. Kila nyumba ina matundu manne makubwa ambayo mwenye nyumba anayahitaji: mlango wa kupita yeye, matundu ya kupita hewa, tundu la sakafuni la kupita maji machafu, na mwanya kule juu ambapo ukuta unakutana na paa. Bila hayo nyumba haikaliki. Tabu ni kwamba panya, mende, popo, mbu na papasi nao wanayahitaji hayohayo. Kazi ya fundi mwenye akili ni kulifanya kila tundu lipitishe kile tunachokitaka na kukizuia kile tusichokitaka. Na kazi hiyo ni rahisi kabla ya lipu, na ngumu sana baada ya lipu.

Wengi wenu nyumbani kunajengwa. Tofali zimefyatuliwa, baba au mama anasubiri mauzo ya tumbaku apate bati. Wengine mnarithi nyumba ya babu inayotaka kukarabatiwa. Kwa hiyo nisikilizeni kama watu wenye kauli katika ujenzi huo, maana mnajua hesabu na mnaweza kushika futi kamba.

SOMO LA TEMBE

Tuanze hapahapa kwetu. Wote mnaijua Kwihara, nje kidogo ya mji, mahali lilipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapya kutoka pwani. Sasa ni makumbusho. Ukilitazama utaona kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo, ua katikati, na milango ya mbao ya nakshi iliyoletwa na mtindo wa pwani. Ni nyumba nzuri. Mchana ni baridi, usiku ina joto. Ilijengwa kwa ajili ya nchi kavu kama hii na kwa ajili ya mali za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Lakini nyumba za udongo za njia ile zilikuwa na mpangaji wake. Ni papasi. Huyu ni kupe laini, rangi ya vumbi, asiyekaa mwilini mwa mtu kama kupe wa ng'ombe. Mchana anajificha ndani ya nyufa za sakafu na sehemu ya chini ya ukuta. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa muda mfupi, mara nyingi mtu haamki kabisa, kisha anarudi ufani kabla ya mapambazuko. Anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba ikihamwa, yeye anabaki anasubiri. Msafara ukilala kibandani, yeye anaamka. Na akijificha ndani ya jamvi au mzigo wa mpagazi, kesho yuko kituo kinachofuata.

Papasi ndiye anayeeneza homa ya papasi. Homa hiyo inapanda kwa siku chache, inashuka mtu anadhani amepona, halafu baada ya wiki moja hivi inarudi tena, na tena. Ni hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, kwani inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa kwa homa hii huko Kasongo, Kongo ya mashariki, mji wa misafara ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alipokuwa akiichunguza. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi katika vibanda vya kulala wasafiri huku kwetu. Akaona kwamba vijidudu vya homa vinapita hata kwenye mayai ya papasi. Maana yake, papasi anaweza kuzaliwa akiwa tayari amebeba ugonjwa.

Msidhani hiyo ni historia tu. Utafiti uliofanyika Mvumi mkoani Dodoma, kwenye mkondo uleule wa njia ya misafara, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta papasi katika nyumba nyingi za udongo. Na kwa kuwa homa yake inafanana na malaria, mgonjwa hupewa dawa ya malaria bure. Hivyo basi, mtu akiwa na homa inayokwenda na kurudi, na kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana, amweleze daktari kwamba analala nyumba ya udongo, ili damu yake ipimwe kwa darubini. Dawa ipo na inaponya.

Tembe linatufundisha kitu kimoja. Wadudu hawaingii kwa sababu nyumba ni ya maskini. Wanaingia kwa sababu ya umbo la nyumba: ufa wa sentimita moja, mwanya wa kiganja, tundu lisilo na kizuizi. Na umbo linabadilishwa kwa mwiko.

Sasa tufuate mkono wa fundi, toka chini hadi juu. Tuchukue nyumba ya mfano: vyumba viwili vilivyopangana, nyumba nzima mita 6 kwa mita 3.5 kwa ndani, tofali za kuchoma, na paa la bati linaloteremka pande zote nne.

SAKAFU NA TUNDU LA MAJI

Kama ni nyumba ya zamani inayokarabatiwa, kosa la kwanza hufanyika kabla saruji haijafunguliwa. Watu wanabomoa ukuta wa udongo, kisha kile kifusi wanakijaza ndani ya msingi mpya ili kuokoa gharama. Ikiwa ukuta ule ulikuwa na papasi, umewahamishia chumba kipya. Kifusi cha ukuta wa zamani kipelekwe mbali na nyumba, na ndani ya msingi ujaze mawe na moramu mpya. Vitanda vya kamba, majamvi na mbao za zamani navyo vikaguliwe, vimwagiwe maji ya moto kwenye maungio na kuanikwa juani kabla ya kuingizwa.

Papasi anataka vumbi kavu na ufa. Sakafu laini ya saruji inamnyima vyote viwili, mradi isipasuke. Na hapa Tabora sakafu zinapasuka sana. Sababu si saruji mbaya. Sababu ni kwamba tunajenga kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, hewa ni kavu na upepo mwingi, na maji yanaondoka kwenye saruji kabla haijashikana. Fundi anamaliza leo, kesho kutwa watu wanapita juu. Sakafu mpya ifunikwe kwa magunia au nailoni na kumwagiwa maji kwa siku 7. Hiyo kazi haihitaji fundi. Ni kazi yenu ninyi, ndoo asubuhi na ndoo jioni.

Mahali panapopasuka kwanza ni pembeni, sakafu inapokutana na ukuta. Mwambie fundi asiache kona kali. Akiwa na saruji mbichi apitishe chupa ya soda kwenye kona nzima, ili ibaki umbo la mviringo kama sehemu ya ndani ya bakuli. Kona hiyo haishiki vumbi, fagio linaifikia, na ufa ukianza unauona. Lipu ya saruji ya ukutani nayo ishuke hadi iungane nayo bila kuacha mstari. Asiye na fedha za kupiga lipu chumba kizima, apige sentimita 30 za chini kuzunguka chumba. Huko ndiko papasi anakopenda, na huko ndiko panya anakochimba.

Sasa tundu la maji. Siku hizi wengi wanajenga bafu ndani. Fundi anaweka bomba, anaweka kifuniko chenye matundu, kazi imekwisha. Baada ya mwezi mmoja mende wanatoka usiku kama wanafunzi wanaotoka darasani. Wametoka kwenye chemba. Bomba lililonyooka moja kwa moja hadi kwenye chemba ni barabara ya lami kwao.

Kizuizi chake ni maji yenyewe. Chini ya tundu panawekwa kipande cha bomba kilichopinda kama shingo ya bata, ambacho mafundi bomba wanakiita trapu. Kila ukioga, maji kiasi yanabaki kwenye pindo. Maji hayo, yenye kina cha sentimita 5 hivi, yanaziba njia: harufu haipandi na mende hapandi. Juu yake weka kifuniko cha chuma au plastiki ngumu chenye matundu madogo yasiyozidi milimita 6, kilichofungwa kwa skrubu. Kifuniko cha kuegesha tu panya anakiinua.

Lakini trapu ina udhaifu wake, na Tabora ni mahali pa kuujua. Maji yanakauka. Bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa za kiangazi, labda chumba cha wageni au nyumba iliyofungwa wakati wa likizo, litakuta shingo ya bata imekauka na njia iko wazi. Dalili yake ni harufu ya chemba ndani ya chumba. Dawa yake ni kata moja ya maji kila wiki. Aidha sakafu iteremke kuelekea tundu, sentimita 2 kwa kila mita moja. Ikiteremka kwingine, maji yatatuama kwenye kona na ile shingo ya bata haitapata kitu.

Na kama bomba lako haliishii kwenye chemba bali linatokea nje kwenye migomba, basi kile kichwa cha nje nacho kifungwe wavu wa chuma unaoweza kufunguliwa kusafishwa. Panya anapanda bomba bila wasiwasi.

MLANGO

Wazee wa pwani walioleta milango yao hadi Unyanyembe walikuwa na jambo moja la akili. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zinazofunguka, na pale katikati zinapokutana pana mhimili unaoitwa mfaa, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja na kuufunika ule mwanya wote. Chini pana kizingiti. Mlango ukifungwa, hakuna mwanga katikati, na chini unagota. Si urembo tu ule.

Milango yetu ya leo ina fremu na bawaba nzuri, lakini chini umeachwa mwanya wa sentimita 2 ili usikwaruze sakafu. Hebu fikirini kuhusu panya. Mwili wake unabonyea. Kinachoamua kama atapita ni fuvu la kichwa. Panya mkubwa wa nyumbani anapita mahali penye upana wa milimita 12 hivi, na panya mdogo kabisa anahitaji kama milimita 6 tu. Kipimo chenu ninyi mnacho mfukoni. Ikiwa penseli inapita chini ya mlango uliofungwa, panya mdogo naye anapita.

Kwa hiyo mlango wa nje ugote kwenye kizingiti cha zege kilichoinuka kidogo, sentimita 2 au 3, na ubao wa mlango uje mbele yake. Lakini kama nyumbani kuna bibi anayeburuta miguu au mtu wa baiskeli ya magurudumu, kizingiti kilichoinuka kitamwangusha. Hapo weka kizingiti bapa, na upigilie ukanda wa mpira mgumu kwa upande wa ndani wa mlango, chini kabisa, ufagie sakafu. Kandambili kuukuu na tairi ya baiskeli vimefanya kazi hii katika nyumba nyingi.

Mpira na mbao panya anavitafuna. Ndiyo maana kwa nje, sehemu ya chini ya mlango, pigilia kipande cha bati laini chenye kimo cha sentimita 30, kifike hadi ukingoni. Mlango wa mbao mbichi pia unabadilika. Masika unavimba, fundi anaupiga randa ufunge, kiangazi unasinyaa na mwanya unarudi mkubwa kuliko mwanzo. Basi mlango upigwe randa mbao zikiwa kavu, na upakwe rangi pande zote pamoja na ukingo wa chini. Ukingo huo mafundi wengi wanauruka kwa sababu hauonekani.

MATUNDU YA HEWA

Hapa sitakawia. Tundu la hewa linafungwa kwa vitu viwili, si kimoja. Neti ya mbu peke yake panya anaitoboa kwa dakika. Wavu wa chuma wa panya peke yake mbu anapita. Kwa hiyo kwa nje weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, kwa ndani weka neti ya mbu, na vyote viwili vishikwe na fremu ya mbao inayofunguka.

Kwa nini ifunguke? Kwa sababu ya vumbi. Neti inapunguza hewa hata ikiwa safi. Ikijaa vumbi la Septemba inakuwa kama ukuta, chumba kinachemka, na mtu atakayeshindwa kulala ataichana kwa kisu. Nimeona neti nyingi zilizochanwa na wenye nyumba wenyewe. Kwa hiyo mambo mawili: tangu mwanzo weka matundu makubwa zaidi kuliko ulivyokusudia, kwenye kuta mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na neti zifuliwe kila baada ya miezi michache.

DARI NA UPENU

Sasa tunafika mahali ambapo ningependa mtoe kalamu. Rudini kwenye nyumba yetu ya mita 6 kwa 3.5. Mzingo wake ni mara mbili ya 9.5, yaani mita 19. Juu ya ukuta, chini ya bati, fundi ameacha mwanya wa sentimita 10 ili joto na moshi vitoke. Zidisha: mita 19 mara mita 0.1. Unapata mita za mraba 1.9.

Sasa pimeni mlango. Upana sentimita 90, kimo mita 2.1. Zidisha. Unapata mita za mraba 1.89.

Mmeona? Ule mwanya ambao hakuna anayeutazama ni mlango mzima mwingine, uliofunguliwa usiku kucha. Baba anafunga komeo, anaweka na kiti nyuma ya mlango, halafu analala na mlango wa pili uko wazi juu ya kichwa chake.

Na huo ndio mlango wa mbu wa malaria. Yule Anofelesi anayependa damu ya watu anafuata harufu yetu inayotoka na hewa ya joto. Akigonga ukuta anapanda nao juu, na juu anakuta mwanya wa upenu. Huko Gambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, nyumba kadhaa ziliwekewa neti kwenye milango na madirisha na upenu wake ukazibwa, nyingine ziliwekewa dari ya neti tu, na nyingine ziliachwa kama zilivyo. Nyumba zilizofungwa kote mbu walipungua kwa zaidi ya nusu. Zilizowekewa dari tu mbu walipungua kwa karibu nusu. Na watoto wa aina zote mbili walipungukiwa sana na tatizo la upungufu wa damu, ambalo malaria ni chanzo chake kikubwa. Kumbukeni hilo la dari tu, kwa maana ni la bei nafuu.

Dari ya neti inajengwaje? Fundi anapigilia papi kuzunguka chumba, chini ya kenchi, na papi nyingine za kukatiza kila baada ya mita moja hivi ili neti isilegee. Neti ya plastiki inatandazwa, inavutwa, na kubanwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Siri iko pembeni. Papi ya ukutani haikai sawasawa kwenye ukuta wenye mawimbi, kwa hiyo mstari wote wa papi na ukuta uzibwe kwa lipu. Dari nzuri yenye mwanya wa kidole pembeni ni sawa na ndoo nzuri yenye tundu.

Mwenye uwezo anaweka silingi bodi. Vizuri, na joto la bati linapungua. Lakini hapa pana mtego. Ukiweka dari bila kuziba upenu, umejenga ghorofa ya panya na popo. Giza, joto, hakuna anayewasumbua. Baada ya mwaka utaona madoa ya kahawia kwenye bodi, utasikia mbio usiku, na siku moja nyoka atakuja kufuata chakula chake. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza upenu, kisha dari.

Upenu uzibwe kwa tofali na udongo wa saruji hadi chini ya bati, halafu mfundi apande ngazi aangalie mawimbi ya bati. Kila wimbi linaacha tundu la karibu sentimita 2 juu ya ukuta. Kumbukeni milimita 12 za panya. Kila wimbi lijazwe udongo wa saruji. Kisha yaachwe matundu machache ya hewa kule juu, yenye wavu wa chuma, ili joto la chini ya bati litoke. Na kwenye dari pawe na kifuniko kimoja cha kuingilia mtu, kinachofunga barabara, ili paa likaguliwe.

Kama popo wako tayari ndani, msiwazibie humo. Watakufa na harufu itawahamisha ninyi. Subirini jioni watoke, mzibe tundu lao usiku, na mfanye hivyo wakati hawana watoto wachanga wasioweza kuruka.

Nyumba ambayo watu wanapikia kuni ndani isizibwe upenu kwa tofali. Moshi utabaki na utaharibu mapafu ya mama na watoto. Hapo upenu ufungwe wavu na neti, si tofali, au kwanza jiko lihamishiwe nje.

UTAJUAJE KAMA KAZI IMEFANYIKA?

Kabla ya kumlipa fundi fedha ya mwisho, fanyeni majaribio manne. Saa sita mchana ingieni chumbani, fungeni mlango na madirisha, mkae gizani dakika tano. Kila panapoonekana mwanga ambapo hapana neti, ni tundu. Pili, ile penseli chini ya mlango. Tatu, mwageni ndoo ya maji bafuni: yakimbilie tundu bila kutuama, na ukimulika tochi ndani ya tundu uone maji yanang'aa. Nne, kabla ya kulala nyunyizieni majivu au unga mwembamba kwenye vizingiti na chini ya kuta. Asubuhi nyayo zitawaambia nani aliingia na kupitia wapi.

MASWALI YA WANAFUNZI

Swali: Dada, sisi tumepanga. Mwenye nyumba hataki kutumia fedha. Tufanyeje?

Jibu: Fanyeni yale ambayo mnaweza kuondoka nayo au yanayogharimu kidogo. Ukanda wa mpira mlangoni, kifuniko cha tundu la bafu, neti ya dirisha kwenye fremu. Nyufa za chini ya ukuta zizibeni kwa udongo wa saruji. Mfuko mmoja mkishirikiana wapangaji unatosha vyumba kadhaa. Na kitanda kikae mbali na ukuta.

Swali: Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, tuanze na kipi?

Jibu: Inategemea homa ya mahali penu. Nyumba ya udongo ambayo watu wake wamewahi kupata homa ya papasi, anzeni na sakafu na sentimita 30 za chini ya ukuta. Kwingineko, anzeni juu, dari ya neti kwenye chumba wanacholala watoto wadogo na mama mjamzito.

Swali: Tukishaweka dari, tuache chandarua?

Jibu: Hapana. Mlango utafunguliwa jioni watu wakiingia na kutoka, na mbu wachache wataingia. Dari inawapunguza, chandarua kinawamaliza waliobaki.

Swali: Kwani paka hawezi kufanya kazi hii yote?

Jibu: (Kicheko.) Paka anakamata panya aliyekwisha kuingia. Na paka mwenyewe atataka uache dirisha wazi.

 Futi kamba ninayo hapa. Tukitoka, tukapime mlango wa bweni.